Laptopu ya Kazi na Runinga Kwenye Laini Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kasi ya Intaneti na QoS

Ukurasa huu ni wa mtu anayefanya kazi nyumbani: kikao cha video kimepamba moto, sebuleni mtu anaangalia filamu, na sauti ya bosi inaanza kukatikakatika. QoS ni mpangilio wa ruta unaoamua nani atangulie laini inapojaa. Mifano yote inatumia nyumba moja ya kubuni yenye laini ya Mbps 20 za kupakua na Mbps 4 za kupakia. Ndani yake kuna laptopu moja ya kazi, runinga moja, tableti ya mtoto na simu tatu.

## Nyumba yetu inahitaji Mbps ngapi?

Usihesabu watu wala vifaa. Hesabu yanayofanyika kwa wakati mmoja, katika saa ambayo shughuli ni nyingi kuliko zote. Simu tatu zilizolala mezani hazili kitu cha maana, ilhali runinga moja ya 4K inaweza kuimeza laini karibu yote.

Kwa filamu, Netflix hupendekeza Mbps 3 kwa picha ya 720p, Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K. Kwa kikao cha watu wengi chenye picha ya 720p, Zoom hutaja Mbps 1.8 za kupakua na 2.6 za kupakia. Huduma nyingine zinatofautiana kidogo, lakini kwa makadirio ya nyumbani namba hizi zinatosha.

Sasa tuiweke nyumba yetu kwenye mizani, saa nne asubuhi. Runinga iko kwenye 1080p, hiyo ni Mbps 5. Mtoto anaangalia katuni za 720p kwenye tableti, Mbps 3. Kikao kinapakua 1.8. Simu zinazoperuzi tuziwekee 2 kwa jumla. Tunapata Mbps 11.8. Ukiongeza theluthi moja kwa ajili ya masasisho yanayojipakua yenyewe bila kubisha hodi, unafika karibu Mbps 16. Laini ya Mbps 20 inatosha.

Halafu rudia hesabu hiyo kwa upande wa kupakia, kwa sababu ni laini nyingine kabisa. Kikao peke yake kinadai 2.6 kati ya Mbps 4. Kinachobaki ni 1.4, na hiyo ndiyo igawanywe kati ya picha ambazo simu tatu zinazihifadhi mtandaoni, barua pepe zenye viambatisho na kamera ya mlangoni kama ipo. Watu wengi huchagua kifurushi kwa kuangalia namba ya kupakua tu, ile inayoandikwa kwa herufi kubwa, na kubanwa wanabanwa kwenye hii ndogo.

Kumbuka pia kwamba Mbps ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti. Gawanya kwa 8. Mbps 4 ni nusu megabaiti kwa sekunde, kwa hiyo ripoti ya megabaiti 200 itachukua karibu dakika saba kupanda, na kwa dakika zote hizo upande wa kupakia utakuwa umejaa pomoni.

## Kama hesabu inatosha, mbona kikao kinaganda?

Kwa sababu Mbps 5 za runinga ni wastani tu. Runinga haichukui video kidogokidogo kwa mwendo mmoja. Inaomba kipande chote cha sekunde kadhaa, inakivuta kwa kasi yote ya laini, kisha inanyamaza mpaka ihitaji kingine. Chukua kipande cha sekunde 4 cha video ya Mbps 5: ni megabiti 20. Kwenye laini yetu kinashuka kwa sekunde moja, na sekunde tatu zinazofuata runinga imetulia. Ukipima kwa dakika nzima utaona Mbps 5. Lakini katika ile sekunde moja laini ilikuwa imejaa, na pakiti za sauti ya mwenzako, yaani vipande vidogo vya data vinavyoibeba, zilikuwa zinasubiri nyuma ya filamu.

Upande wa kupakia mambo ni mabaya zaidi. Pakiti zinapofika nyingi kuliko laini inavyoweza kubeba, modemu haizitupi mara moja. Inazipanga kwenye foleni ndani ya bafa yake, yaani kumbukumbu yake ya muda. Tuseme bafa hiyo ina nafasi ya kilobaiti 250, yaani megabiti 2. Kwa laini ya Mbps 4, kuimaliza foleni hiyo kunachukua nusu sekunde. Simu moja ikianza kupandisha picha za harusi, kila neno unalosema kwenye kikao linatoka nyumbani kwako likiwa limechelewa nusu sekunde. Pendekezo la G.114 la ITU-T, kitengo cha viwango cha shirika la kimataifa la mawasiliano, ni kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, kwa hiyo umeshavuka mara tatu kabla sauti haijaanza safari.

Kinachochanganya watu ni kwamba ukipima kasi, utapata kasi yako kamili. Laini ni nzima. Foleni ndiyo ndefu.

## Nitajuaje kuwa tatizo ni foleni na si kitu kingine?

Pima muda wa kusubiri laini ikiwa tulivu, kisha upime tena ikiwa imejaa. Unganisha laptopu kwenye ruta kwa kebo kama unaweza, ili waifai isiingilie kipimo. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike:

```
ping -t 1.1.1.1
```

Kwenye Mac au Linux huhitaji hiyo `-t`. Iache iende kwa dakika moja wakati hakuna anayetumia intaneti, uone namba ya milisekunde inavyocheza. Halafu, kwa kutumia simu nyingine, anza kupandisha video kubwa mtandaoni huku ukiangalia namba. Ikiruka kutoka 20 hadi 400 au 500 na kubaki hukohuko mpaka upandishaji uishe, umempata mwizi. Fanya hivyohivyo kwa kupakua faili kubwa, ujue ni upande gani unaoumia. Zipo kurasa za vipimo zinazofanya yote haya kwa mkupuo na kutoa alama. Humo tatizo hili huandikwa Bufferbloat.

Namba ikipanda kidogo tu, tuseme kutoka 20 hadi 40, usihangaike na QoS. Ugonjwa wako ni mwingine, na swali la mwisho la ukurasa huu linaweza kukufaa zaidi.

## QoS inafanya nini hasa?

Inaamua nani atangulie laini inapojaa. Haikuongezei hata Mbps moja, na laini ikiwa haijajaa haina kazi ya kufanya. Kama mahitaji ya nyumba ni Mbps 30 na laini ni ya 20, QoS itakusaidia kuchagua nani aumie, basi.

Kuna namna mbili ambazo ruta za nyumbani huifanya. Ya kwanza ni kipaumbele cha kifaa: unaichagua laptopu kwenye orodha, na pakiti zake zinapita mbele ya za wengine. Ya pili ni ugavi wa haki: ruta inatengeneza foleni nyingi ndogo, moja kwa kila mtiririko, na kuzihudumia kwa zamu, ili mkondo mwembamba wa sauti usikae nyuma ya mlima wa picha. Mbinu maarufu za namna hii ni fq_codel, iliyoelezwa kwenye RFC 8290 ya mwaka 2018, na CAKE, iliyoingizwa rasmi kwenye kerneli ya Linux 4.19 mwaka huohuo. Kwa maoni yangu ya pili ndiyo bora kuanza nayo kama ruta yako inayo. Inaondoa tatizo la foleni kwa kila mtu, na haihitaji ukumbuke kubadilisha orodha kila unapopata kifaa kipya.

## Kwa nini ruta inataka niiandikie kasi ya laini, tena watu wanasema niandike pungufu?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kisha wanasema QoS haina maana.

Ruta inaweza kupanga foleni iliyo ndani yake tu. Ukiiambia laini yako inapakia Mbps 4 ilhali kwa kweli inapakia 3.7, ruta itasukuma pakiti kwa kasi ya 4, na zinazozidi zitarundikana kwenye modemu, ambayo haijui laptopu ni ipi wala runinga ni ipi. Utaratibu wote ulioupanga unakufa hapo. Ukiiambia 3.3, modemu haitajaa kamwe, foleni itabaki ndani ya ruta, na ruta itatawala.

Upande wa kupakua ruta ina nguvu kidogo zaidi ya mshauri. Foleni iko kwenye mitambo ya mtoa huduma, kabla pakiti hazijakufikia. Ruta inachoweza ni kuchelewesha au kutupa baadhi ya pakiti zilizofika, ili seva inayotuma filamu ione kuna msongamano na kupunguza mwendo. Inafanya kazi, ila si papo hapo, ndiyo maana upande huu unahitaji nafasi ya kupumua.

Kwa nyumba yetu, usitumie namba ya kwenye mkataba. Pima kasi mara tatu, kwa kebo, katika saa ambazo kwa kawaida una vikao. Tuseme kupakua kumetoka 19.2, 17.8 na 18.4, na kupakia 3.9, 3.7 na 3.8. Chukua ya chini kila upande, kisha uandike asilimia 90 yake: Mbps 16 za kupakua na 3.3 za kupakia. Ndiyo, umepoteza kidogo. Hiyo ndiyo bei ya foleni kuwa mikononi mwako. Rudia kile kipimo cha ping. Kama bado kinaruka, shuka mpaka asilimia 85.

## Naipangaje kwenye ruta ya kawaida?

Ingia kwenye ukurasa wa ruta, mara nyingi `192.168.1.1` au `192.168.0.1`, utafute sehemu iliyoandikwa QoS. Lakini kabla hujagusa kitu, hakikisha ruta itaitambua laptopu yako kila siku. Kompyuta na simu za siku hizi zinaweza kujibadilisha anwani ya MAC, yaani namba ambayo ruta hutumia kukitambua kifaa, na zikifanya hivyo ruta inaona mgeni, na kipaumbele kinapotea kimyakimya. Kwenye Windows zima Random hardware addresses kwa mtandao wa nyumbani. Kwenye Mac tafuta Private Wi-Fi Address. Kisha kwenye ruta, sehemu ya DHCP, itengee laptopu anwani moja ya kudumu.

Sasa washa QoS na uandike kasi tulizozipata. Angalia kipimo kinachotakiwa: ruta nyingine zinataka Mbps, nyingine kbps. Ukiandika 16 mahali panapotaka kbps, intaneti ya nyumba nzima itakufa; ukiandika 16000 mahali panapotaka Mbps, QoS haitafanya chochote na hutapata onyo lolote.

Weka kipaumbele cha juu kwa laptopu peke yake. Runinga na wengine waache kwenye hali ya kawaida. Ukishawapandisha daraja watu wanne kwa sababu kila mmoja ameomba, umerudi ulikotoka. Baadhi ya ruta huuliza pia kipaumbele kidumu kwa muda gani. Ukichagua saa moja kitaisha katikati ya kikao cha pili. Chagua Always.

## Ruta yangu ina OpenWrt. Niweke nini?

OpenWrt ni mfumo huria wa kuendesha ruta. Sakinisha `luci-app-sqm`, na utaona SQM QoS kwenye menyu ya Network. Ukipenda kuandika moja kwa moja, faili ni `/etc/config/sqm`. Kwa nyumba yetu:

```
config queue 'nyumbani'
	option enabled '1'
	option interface 'eth1'
	option download '16000'
	option upload '3300'
	option qdisc 'cake'
	option script 'piece_of_cake.qos'
	option qdisc_advanced '1'
	option qdisc_really_really_advanced '1'
	option iqdisc_opts 'nat dual-dsthost ingress'
	option eqdisc_opts 'nat dual-srchost'
```

Badilisha `eth1` iwe jina la upande wa nje wa ruta yako, kisha `/etc/init.d/sqm restart`. Mistari miwili ya mwisho ndiyo muhimu: inagawa laini kwanza kwa kifaa, ndipo kwa mtiririko. Runinga iliyofungua mitiririko minane haipati mafungu manane. Inapata fungu moja kama laptopu.

Ila fanya hesabu kabla ya kushangilia. Simu moja ikiwa inapandisha picha, Mbps 3.3 zinagawanywa kwa wawili, na laptopu inabaki na hakika ya 1.65. Kikao cha 720p kilitaka 2.6. Hakitaganda, kwa kuwa programu za vikao hushusha picha zenyewe, na Zoom hutaja Mbps 1 ya kupakia kuwa inatosha kwa picha ya daraja la chini yake. Utaonekana na ukungu kidogo, lakini utasikika vizuri. Simu zote tatu zikipandisha pamoja, fungu la laptopu linashuka hadi karibu 0.8, na hapo hata picha hiyo ya chini inapungukiwa. Kama lazima uonekane safi, ugavi wa haki hautoshi: tumia kipaumbele cha kifaa, au uziambie simu zihifadhi picha usiku tu.

## Nikiipa laptopu kipaumbele, runinga haitakwama?

Kwa kawaida haikwami. Filamu huwa imeshapakuliwa sekunde kadhaa mbele ya unachokiona, kwa hiyo kipande kikichelewa kidogo hakuna anayejua. Kikizidi kuchelewa, programu inashuka kutoka 1080p hadi 720p yenyewe. Kikao hakina akiba ya namna hiyo, neno lililochelewa ni neno lililopotea. Matangazo ya moja kwa moja, kama mechi, yana akiba ndogo zaidi kuliko filamu, na hayo ndiyo ya kwanza kulalamikiwa.

Wapo wanaoifungia runinga kasi ya kudumu, tuseme Mbps 5, badala ya kutumia kipaumbele. Inasaidia, lakini runinga itabaki na Mbps 5 hata usiku wa manane laptopu ikiwa imezimwa. Kama ruta yako haina QoS kabisa, nenda kwenye mipangilio ya programu ya filamu uizuie isipande hadi 4K. Ni dakika mbili, na katika nyumba yenye Mbps 20 hiyo peke yake inaweza kubadilisha kila kitu.

## Laptopu ya kazi inatumia VPN. Kuna shida?

Ipo moja. VPN inafunga kila kitu, sauti ya kikao na faili unazopakia kazini, ndani ya bomba moja lililofungwa. Ruta haioni ndani. QoS inayojaribu kutambua programu, ile yenye orodha ya «vikao», «michezo» na «filamu», itashindwa, kwa hiyo tumia kipaumbele cha kifaa. Na foleni ndani ya bomba hilo hakuna wa kuipanga isipokuwa wewe: usipandishe faili kubwa ukiwa kwenye kikao.

Hilohilo linahusu masasisho. Windows ikianza kujisasisha kwenye laptopu yenye kipaumbele, masasisho nayo yanapita mbele ya nyumba nzima. Weka saa za kazi kwenye Active hours ili isijiwashe upya katikati ya kikao, na kwenye Delivery Optimization upunguze kasi inayoruhusiwa kupakua.

## Natumia ruta ya laini ya simu, QoS itanifaa?

Kwa tahadhari. Kasi ya laini ya simu hupanda na kushuka kila saa kulingana na watu walio kwenye mnara, wakati QoS inataka namba moja. Ukiandika kasi ya asubuhi, jioni foleni inarudi kwenye modemu. Ukiandika ya jioni, asubuhi unajinyima. Mimi ningeandika kasi ya saa za kazi na kusahau jioni. Kwenye OpenWrt kuna hati iitwayo cake-autorate inayopima muda wa kusubiri na kurekebisha kasi yenyewe, nayo ilitengenezwa kwa laini kama hizi.

## Nimewasha QoS na kasi imeshuka kuliko niliyoandika

Prosesa ya ruta imeelemewa. Bila QoS, ruta nyingi hupitisha pakiti kwa njia ya mkato ya maunzi. Ukiwasha QoS, kila pakiti inapita kwa prosesa. Kwenye laini ya Mbps 20 hutaona tofauti. Kwenye laini ya mamia ya Mbps, ruta ya bei ya chini inaweza kukwama katikati. Kwa laini ya namna hiyo jaribu kuweka QoS upande wa kupakia tu. Kwenye SQM, ukiandika 0 kwenye download, upande huo unaachwa bila kuguswa.

Na kama umewasha QoS na haibadilishi chochote, angalia kama ile njia ya mkato, inayoandikwa Hardware offloading au NAT acceleration, bado imewashwa. Ikiwa imewashwa, pakiti zinaikwepa QoS.

## Nimefanya yote na bado kinaganda

Fungua madirisha mawili ya ping kwenye laptopu, safari hii kwa waifai na ukiwa palepale unapofanyia kazi. Moja liende `1.1.1.1`, jingine liende kwenye ruta yenyewe. Subiri mpaka kikao kigande, kisha linganisha.

Yakiruka yote mawili kwa pamoja, pakiti zinakwama kati ya laptopu na ruta, humo humo ndani ya nyumba. Hiyo ni waifai: kuta, umbali, au majirani walio kwenye chaneli hiyohiyo, na QoS ya laini ya nje haina la kufanya. Vuta kebo, au hamia masafa ya 5 GHz kama uko karibu na ruta. Ikiruka ya `1.1.1.1` peke yake wakati mtu mwingine anatumia laini, kasi uliyoiandikia ruta bado ni kubwa, ishushe. Ikiruka hata wakati hakuna mtu mwingine anayetumia laini, tatizo liko kwa mtoa huduma. Hifadhi matokeo ya ping yenye saa na tarehe kabla ya kumpigia, kwa sababu jambo la kwanza atakalokwambia ni uzime ruta na kuiwasha tena.